SKX007, SRPD55 au saa ya kuunganishwa? Namna ya kuzitofautisha kabla hujalipa

Ukipita Kariakoo kwenye meza za saa za mtumba utaikuta saa moja inayojirudia. Uso mweusi, alama za duara zinazowaka gizani, pete ya kuzungusha yenye namba 10 hadi 50, na kile kichwa cha kurekebishia mishale kimekaa upande wa namba 4 badala ya 3. Muuzaji atakwambia ni SKX. Wengine hawasemi hata jina, wanasema tu "Seiko ya kuzamia, orijino hiyo boss".

Tatizo ni kwamba sura hiyo inabebwa na saa za aina tatu zisizolingana kwa thamani wala kwa matumizi. Ya kwanza ni SKX007 yenyewe, saa ya wazamiaji ambayo Seiko walianza kuiuza mwaka 1996 na kuacha kuitengeneza karibu na 2019. Ya pili ni SRPD55, iliyotoka 2019 chini ya jina la Seiko 5 Sports. Nayo ni Seiko halali kabisa, ila ni saa nyingine iliyovaa umbo la ile ya zamani. Ya tatu ni saa ya kuunganishwa: kasha la huku, uso wa kule, mashine ya kwingine. Nikiwekewa zote tatu mezani natumia dakika tano, na vipimo ni vichache tu. Nitavieleza kwa namna nilivyovitumia mwezi uliopita, shemeji yangu aliponiita nikamwangalizie saa aliyokuwa ameshaipenda.

Mwanzo ni uso

Uso wa SKX007 ni wa kawaida sana, na ukawaida huo ndio unaoitambulisha. Jina SEIKO limechapwa kwa wino juu ya uso, chini yake AUTOMATIC. Alama za saa ni rangi ya kung'aa iliyopakwa moja kwa moja usoni: pembetatu kwenye 12, vipande virefu kwenye 6 na 9, na duara kwingine kote. Hazina fremu za chuma. Nusu ya chini kuna maneno DIVER'S 200m, na hayo hayakuwekwa kwa urembo. Yanamaanisha saa imetengenezwa kufuata kiwango cha ISO 6425, kiwango cha saa za wazamiaji.

Kwenye SRPD55 mpangilio ni uleule, pembetatu juu na duara pembeni, kwa hiyo kwa mbali utadanganyika. Ukiisogeza karibu na mwanga utaona jina SEIKO limebandikwa, lina unene, linatupa kivuli kidogo. Chini yake kuna nembo ya 5, nayo ya kubandikwa. Alama za saa zimezungukwa na chuma chembamba kinachometameta. Na neno DIVER'S halipo popote, kwa sababu saa hiyo ni ya mita 100 na haijadai kuwa ya kuzamia. Ukiona nembo ya 5 usoni, mjadala wa SKX007 umekwisha, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Sasa shusha macho hadi ukingoni kabisa, chini ya namba 6. SKX007 ina maandishi madogo mno pale, yanayoanza na 7S26. Ndilo jina la mashine, likifuatwa na namba za uso. Huenda ukahitaji kupiga picha kwa simu na kuivuta. Namba za mwisho zinaweza kutofautiana kidogo na zile za mfuniko wa nyuma, jambo hilo ni la kawaida. Kinachotakiwa ni kwamba maandishi yapo, ni makali, na yanaanza na 7S26. Nyuso nyingi za kuagizwa kwa ajili ya kuunganisha saa ama hazina kitu pale, ama zina maandishi yaliyovimba kama wino uliolowa.

Kuna toleo la SKX007 lenye herufi J, ambalo uso wake umeongezewa 21 JEWELS na, kule chini ukingoni, MADE IN JAPAN. Toleo la K halina maneno hayo. Mashine ni ileile. Watu huitafuta J na kuilipia zaidi, na ndiyo maana nyuso za J za kubandika ni nyingi. Mimi binafsi sioni sababu ya kuongeza hata shilingi kwa ajili ya maneno hayo, lakini kama mtu anakutoza bei ya J, basi hakikisha uso ni wa kiwandani.

Jambo moja nataka nilitetee hapa kwa sababu limewafanya watu wengi wakatae saa nzuri. Ndani ya kioo, kuuzunguka uso wa saa, kuna pete yenye vistari vya dakika. Kwenye Seiko nyingi za daraja hili vistari hivyo havilingani sawasawa na alama za uso: kistari cha 12 kimesogea kushoto kidogo, au pete ya nje haikai katikati. Mtu akiona hivyo anasema feki. Hapana. Ni kasoro inayojulikana ya saa halali zilizotoka kiwandani, kwenye SKX na kwenye SRPD pia. Inaudhi, na unayo haki ya kuitumia kupunguza bei, lakini haithibitishi ughushi.

Kasha, masikio na mfuniko

Kwa vipimo saa hizi mbili zinakaribiana sana: upana kama milimita 42, kutoka sikio hadi sikio 46, na mkanda wa milimita 22. Rula haitakusaidia. Kitakachokusaidia ni masikio, yale manne yanayoshika mkanda. Kwenye SKX007 yametobolewa mpaka nje, kwa hiyo ukiitazama saa kwa ubavu unaviona vitundu na ncha za pini ndani yake. Kwenye SRPD55 ubavu ni mzima, hauna tundu. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji kugusa saa. Unaweza kukifanya kwenye picha aliyokutumia muuzaji, mradi ameipiga kwa pembeni. Asipotaka kupiga picha ya pembeni, nawe usitake kutuma nauli.

Igeuze. SKX007 ina mfuniko wa chuma mzito usiopitisha mwanga, wenye mchoro wa wimbi la bahari katikati, na kuzunguka wimbi kuna AIR DIVER'S 200M, namba ya mashine na kasha 7S26-0020, na namba ya mfululizo yenye tarakimu sita. SRPD55 ina mfuniko wa kioo; unaiona mashine ikicheza, na namba inayosomeka inaanza na 4R36. Hivyo saa yenye DIVER'S 200m usoni na kioo mgongoni imeshajikana yenyewe. Mtu kafungua, kabadilisha.

Namba ya mfululizo inasema mwezi saa ilipotengenezwa. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Muongo hautajwi, lazima uutafute mwenyewe. Kwa kuwa SKX007 iliuzwa kuanzia 1996 hadi 2019, saa inayoanza na 4 ni ya 2004 au 2014, basi. Inayoanza na 7 inaweza kuwa ya 1997, 2007 au 2017, na hapo utaangalia uchakavu.

Cheni ndiyo ya kuaminiwa kidogo zaidi

Watu huanza na cheni kwa sababu ndiyo inayong'aa. Mimi naiweka mwisho. SKX007 iliuzwa kwa mkanda wa mpira au kwa cheni ya pingili ndogo tano tano, ile inayoitwa jubilii. Cheni hiyo ya kiwandani ni nyepesi, vipande vyake vya mwisho vinavyokaa kwenye kasha ni bati lililokunjwa na lina uwazi ndani, na ukiitikisa inalia. Ukikuta SKX yenye jubilii nzito isiyolia, hiyo imenunuliwa baadaye. Hakuna ubaya, mara nyingi ni bora kuliko ya kiwandani, ila isikuongezee bei kwa jina la "orijino".

SRPD55 ilitoka na cheni ya pingili pana tatu. Lakini upana wa masikio ya saa zote mbili ni uleule, kwa hiyo cheni zinahama kutoka saa hadi saa, na mwenye meza anajua hivyo. Nimewahi kuona SRPD55 imevalishwa jubilii kusudi ifanane na SKX. Cheni inakwambia saa imepita wapi, haikwambii ni saa gani.

Kipimo ambacho muuzaji hawezi kukizuia

Kilichobaki ni mashine, na hapa ndipo SKX007 na nyingine zote zinaachana kabisa, bila kufungua chochote.

SKX007 inatumia mashine 7S26. Ni mashine ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, na ina mambo mawili isiyoyafanya: haijazwi kwa kuzungusha kichwa cha pembeni, na mshale wa sekunde hausimami unaporekebisha saa. SRPD55 inatumia 4R36, nayo hufanya yote mawili: unaweza kuijaza kwa vidole, na ukivuta kichwa hadi mwisho sekunde inasimama. Mashine iitwayo NH36 ni ndugu pacha wa 4R36, inauzwa kwa watengenezaji wengine na kwa mafundi, na ndiyo inayowekwa kwenye saa nyingi za kuunganishwa.

Basi fanya hivi. Kwanza hakikisha kichwa cha pembeni kinafunguka kwa skrubu. Cha SKX007 lazima ukizungushe kuelekea kushoto mpaka kijiachie, wakati cha SRPD55 unakivuta tu. Kikishajiachia, usikivute bado. Kizungushe taratibu huku umeiweka saa karibu na sikio. Ukisikia krr-krr na kuhisi ukinzani wa springi inayojazwa, hiyo si 7S26. Kisha kivute hadi mwisho, hatua ya pili, na uutazame mshale wa sekunde. Kwenye SKX007 ya kweli unaendelea na safari yake kama hujaugusa. Ukisimama, mashine imebadilishwa.

Angalizo moja la kuiheshimu saa ya mtu: hatua ya kwanza ya kichwa hubadilisha tarehe ukizungusha upande mmoja na siku ukizungusha upande wa pili. Usiibadilishe mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu meno ya tarehe yanakuwa yameshaanza kushikana na unaweza kuyavunja. Na saa haikwambii kama ni usiku au mchana. Ivute kwanza hadi mwisho, shusha mshale mfupi mpaka uelekee 6 chini, ndipo urudi hatua ya kwanza.

Wakati unatazama sekunde, tazama na mwendo wake. Mashine hizi zote hupiga mara sita kwa sekunde, kwa hiyo mshale unateleza kwa vihatua vidogo. Mshale unaoruka mara moja kila sekunde ni wa betri, na hakuna SKX007 ya betri.

Lakini usimhukumu mtu kwa sababu saa yake inakimbia au inachelewa. Seiko wenyewe wanaikubali 7S26 ikichelewa hadi sekunde 20 au ikiwahi hadi 40 kwa siku, na 4R36 wanaiachia nafasi pana zaidi ya hapo. Saa inayowahi nusu dakika kwa siku inaweza kuwa safi kabisa.

Saa ya shemeji

Shemeji ni mtu wa Kigamboni, na Jumapili hakosi baharini. Alikuwa na bajeti ya saa moja tu, na meza ileile ilikuwa na mbili: SRPD55 yenye mikwaruzo ya kawaida, na nyingine iliyotajwa kuwa SKX007, kwa bei inayokaribia mara mbili. "Shem, hii ya pili ndiyo ya wazamiaji. Ya kwanza ni ya kuvaa tu," aliniambia, na kwa maneno hayo hakukosea.

Niliichukua hiyo ya pili. Uso: SEIKO ya kuchapwa, alama bila fremu, DIVER'S 200m, na chini ukingoni 7S26 iliyosomeka vizuri. Masikio yametobolewa. Mfuniko wa wimbi, 7S26-0020, namba ya mfululizo ikianza na 4N. Novemba, ya 2004 au ya 2014. Cheni ya jubilii ilikuwa nzito na haikulia, nikajua si ya kiwandani, nikaipita. Mpaka hapo nilikuwa naelekea kumwambia alipe.

Nikafungua kichwa cha pembeni. Skrubu yake ilikuwa nzuri, haikuruka. Nikazungusha, nikasikia krr-krr. Nikavuta hadi mwisho, sekunde ikasimama pale pale.

"Mashine imebadilishwa," nikamwambia muuzaji.

"Kaka, hiyo haijawahi kufunguliwa."

Nikamwonyesha mara mbili, nikamwonyesha na ile SRPD55 jirani ikifanya vilevile. Hakubisha tena. Nadhani hakuwa akijua; saa hizi hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika mezani. Huko nyuma fundi alikuta 7S26 imechoka, na badala ya kuisafisha akaweka NH36, kwa sababu inaingia kwenye nafasi ileile na ni rahisi kuipata. Tungekuwa na mashine ya awali, hata swali la 2004 au 2014 lingesogea kwenye jibu, maana 7S26 zilipita toleo A, kisha B, kisha C, na herufi huandikwa kwenye mashine. Sasa ushahidi huo haupo.

Je, saa ile ni feki? Kwangu mimi siyo. Kasha, uso na mfuniko ni vya SKX007, na mashine iliyomo ni bora kwa matumizi ya kila siku kuliko iliyotoka. Kinachobadilika ni bei. Anayelipia SKX007 isiyoguswa analipia kitu kisichotengenezwa tena, na kitu hicho hakikuwa mezani.

Ipi uchukue

Kwa mtu wa ofisi Posta anayetaka saa ya kuvaa kila siku na kuosha nayo mikono bila wasiwasi, mimi ningesema SRPD55 bila kusita. Inajazwa kwa vidole ikilala siku mbili, inasimamisha sekunde ukitaka kuilinganisha na simu, na haiwezi kuwa ya kabla ya 2019, kwa hiyo raba zake za kuzuia maji bado zina uhai. Mita 100 zinatosha mvua, bomba na kuogelea kwa kawaida. Uangalifu unaoutaka ni mmoja: kichwa chake hakina skrubu, basi kisukume mpaka mwisho kabla ya maji.

Kwa mkusanyaji ni SKX007 isiyoguswa, na hapo kila kipimo kipite, bila kusamehe hata kimoja. Ikifeli kimoja tu, lipa bei ya saa iliyofunguliwa.

Kwa mtu wa bahari mambo hayaishii kwenye jina. Maneno 200m yaliandikwa siku saa ilipotoka kiwandani ikiwa na raba mpya. Baada ya miaka kumi ya jasho na chumvi ya pwani, raba ya mfuniko na ya kichwa zinakauka na kubapa, na kila aliyefungua saa bila kuzibadilisha amezidi kuzidhoofisha. SKX ya 2004 yenye raba za 2004 si saa ya kuzamia. Saa ya kuunganishwa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hujui kasha, kioo na mfuniko vilikutana lini, na pengine havikutengenezwa vikutane.

Shemeji aliitaka ile ya wimbi. Bei ilishuka ikakaribia ya SRPD55, akalipa, tukaenda kwa fundi siku hiyohiyo. Kabla hajaifungua, fundi aliipasha moto kidogo chini ya taa, akaweka tone la maji baridi juu ya kioo, akasubiri kama dakika moja, akalifuta. Kwa ndani kulikuwa na ukungu, doa dogo la mviringo palepale tone lilipokaa. Unyevu ulikuwa umeshaingia. Iwapo doa lisingetokea, tungejua tu kwamba ndani ni pakavu kwa sasa, si kwamba maji hayawezi kupita. Hilo linahitaji mashine ya kupima kwa mgandamizo.

Mfuniko ulipofunguliwa tulikuta NH36 kama tulivyotarajia, na raba ya mfuniko imekatika sehemu moja. Mashine ilikaushwa, raba mbili zikawekwa mpya na kupakwa mafuta ya silikoni, na saa ikaachwa hapo hadi ipelekwe kupimwa. Jumapili ile shemeji aliogelea mkono mtupu.